Saa inatetema, simu haisikii

Watu kumi na wanne wamejipanga kwenye ngazi za ukumbi, bibi harusi katikati, watoto wamechuchumaa mbele. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji juu ya meza ya plastiki, kamera yake iko wazi na inawatazama. Mwenye simu ameingia kwenye safu, ameinua mkono kidogo, anagusa kitufe cha picha kwenye saa yake janja. Saa inajibu kwa mtetemo mfupi, kwamba amri imetoka. Simu haifanyi kitu. Anagusa tena, na tena. Mara ya nne mjomba mmoja anauliza bila kusogeza midomo kama hii ni picha au video.

Saa ile si mbovu. Jioni hiyohiyo, mkono uleule ulikuwa ukirusha nyimbo mbele na nyuma bila shida.

Hilo ndilo lililonikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Kama muunganisho umekatika, muziki ulitiije? Na kama haujakatika, kamera iligoma kwa nini?

## Baiti moja

Saa ya bei nafuu haijui kupiga picha kwa simu. Haijui kubadilisha wimbo, wala haijui kuliza simu iliyopotea. Inachojua ni kutuma namba fupi sana kwa njia ya Bluetooth, kisha kumwachia aliye upande wa pili afanye anachojua.

Mfano ulio wazi kabisa ni saa ya PineTime, kwa sababu programu yake ya ndani, InfiniTime, iko hadharani na kila mtu anaweza kuisoma. Ukigusa kitufe cha wimbo unaofuata, saa hiyo hutuma baiti moja tu: `0x03`. Wimbo uliopita ni `0x04`. Kuongeza sauti ni `0x05`, kupunguza ni `0x06`. Basi. Hakuna jina la wimbo ndani yake, hakuna jina la kicheza muziki, hakuna maelezo yoyote. Ni namba 3 tu, imetumwa.

Android ikiipata hiyo tatu haijui maana yake. Inaipeleka kwa programu iliyofungua muunganisho na saa, kwa PineTime tuseme Gadgetbridge. Programu ndiyo inayosoma namba na kusema: tatu maana yake ni wimbo unaofuata. Kisha inaugeukia mfumo na kuubonyezea kitufe cha muziki, kana kwamba mtu amebonyeza waya wa sikioni.

Saa nyingine zina namba zao, kila kiwanda na zake, na nyingi hazijaandikwa popote hadharani. Ndiyo maana programu ya saa moja haiwezi kushika saa ya jirani. Lakini mpango ni uleule: saa inasema kilugha chake, na kwenye simu kuna mkalimani mmoja tu.

Mkalimani akiondoka, saa inaongea na ukuta.

## Nani anashika kamba

Kuna jambo watu wengi hulidhania vibaya. Tunaona alama ya Bluetooth, tunaona neno "Connected", tunaamini simu na saa zimeshikana. Kwa njia ya Bluetooth ya nguvu ndogo, ambayo saa hizi huitumia kwa karibu kila kitu, anayeshika kamba ni programu. Programu ndiyo iliyoiomba Android ifungue muunganisho, na Android inakumbuka ni nani aliyeomba. Programu ikifa, Android inaona mteja wake ametoweka na inalifuta jina lake. Kama hakuna mteja mwingine anayeitumia kamba hiyo, kamba inaachiwa.

Baada ya hapo saa inaanza kujitangaza upya hewani. Ndiyo maana baadhi yake hutetema na kuonyesha alama ya mnyororo uliokatika, dakika chache tu baada ya mtu kuifagia programu kwenye orodha ya programu za karibuni.

Ila si saa zote zinazoonyesha hivyo. Na hapa ndipo jibu la jioni ile lilipojificha.

## Saa moja, majina mawili

Fungua orodha ya Bluetooth kwenye simu iliyounganishwa na saa inayopiga simu, zile zenye spika na maikrofoni. Mara nyingi utakuta majina mawili yanayofanana, moja likiwa na mkia kama `_call` au `_audio`. Si kosa. Saa hiyo ina njia mbili. Moja ni ile ya nguvu ndogo, ya programu. Nyingine ni Bluetooth ya kawaida, ileile ya vifaa vya masikioni na redio ya gari.

Bluetooth ya kawaida ina lugha yake rasmi ya kuongozea muziki, AVRCP. Cheza, simamisha, ruka, rudi: amri hizi Android inazielewa yenyewe, bila mkalimani. Redio ya gari haikuombi usakinishe programu ili kubadilisha wimbo, na saa ikipitia mlango huo nayo haihitaji.

Kwa hiyo pale ukumbini programu ya saa ilikuwa nyuma, haina la kufanya, na muziki uliendelea kutii kwa sababu ulikuwa ukipita mlango mwingine. Alama ya Bluetooth iliwaka kwa sababu mlango huo mwingine ulikuwa wazi. Alama haisemi ni mlango upi.

Kuna dalili ndogo ya kuutambua. Programu ikiwa imekufa, vitufe vya wimbo vinafanya kazi, lakini jina la wimbo kwenye kioo cha saa linabaki la zamani au linapotea. Kwenye saa nyingi jina hupelekwa na programu, na Android haimpi programu yoyote orodha ya muziki unaochezwa mpaka umpe ruhusa ya kusoma arifa. Ndiyo, ruhusa ya arifa. Watu hukataa ruhusa hiyo kwa kuogopa kusomewa ujumbe, hofu ambayo mimi siilaumu, kisha wanashangaa saa haionyeshi jina la wimbo.

## Kamera ni kisa kingine kabisa

Hapa nilibadilisha mawazo. Nilianza nikiamini kwamba tatizo la kamera ni lilelile la programu kuuawa. Si hivyo. Kamera inagoma hata programu ikiwa hai na nzima.

Rudi mezani kwenye chupa ya maji. Mwenye simu alifungua kamera gani? Alifungua kamera ya simu, ile anayoitumia kila siku, yenye urembo wake wote. Lakini programu za saa hizi kwa kawaida haziwezi kubonyeza kitufe ndani ya kamera ya simu. Zina kamera yao, ukurasa mmoja ndani ya programu, kwa kawaida chini ya jina kama "Camera" au "Take photo". Saa inaongoza ukurasa huo tu. Alipofungua kamera ya simu, aliisukuma programu ya saa nyuma, na ile iliyobaki mbele haijawahi kusikia habari za saa.

Halafu kuna sheria ya mfumo wenyewe. Tangu Android 9, ya 2018, programu iliyo nyuma haipewi kamera. Tangu Android 10, ya 2019, programu iliyo nyuma haiwezi kujirusha mbele ya kioo ipendavyo. Kwa hiyo hata saa ikituma namba ya "fungua kamera" na mkalimani akaisoma sawasawa, mfumo unamwambia akae alipo. Sheria hizi zimewekwa kwa sababu njema: programu yenye uwezo wa kuwasha kamera kwa siri ukiwa umeiweka nyuma ndiyo ile usiyoitaka kwenye simu ya mwanao.

Mwanya upo. Programu iliyopewa ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine, "Display over other apps", inaweza kujileta mbele. Baadhi ya programu za saa huiomba kwa ajili hiyo. Bila ruhusa hiyo, utaratibu ni mmoja: fungua programu ya saa, ingia ukurasa wake wa kamera, egemeza simu, usiguse kitu kingine. Kioo kikizimika, umerudi mwanzo.

Zipo saa zinazofanya kazi na kamera yoyote. Hizo hujitambulisha kwa simu kama kibodi ndogo, na kitufe chake cha picha hutuma amri ya kuongeza sauti. Kamera nyingi za simu hupiga picha ukibonyeza kitufe cha sauti, hivyo hakuna programu inayohitajika. Ni hila ileile ya vile vitufe vidogo vinavyouzwa pamoja na fimbo za selfi. Kujua kama saa yako ni ya aina hii, gusa alama ya gia karibu na jina lake kwenye orodha ya Bluetooth. Ukiona "Input device", inayo. Ukiona "Phone calls" na "Media audio" tu, acha kuhangaika na mipangilio. Hakuna swichi itakayoipa saa hiyo uwezo wa kupiga picha kwa kamera ya simu.

## Simu iliyopotea

Kati ya kazi tatu, hii ndiyo inayonikera.

Kutafuta simu hakuna mlango wa pili. AVRCP haina amri ya "lia". Kibodi haina kitufe cha "lia". Kuna ile baiti ya saa, na mkalimani wa kuisoma na kupiga kengele. Mkalimani akiwa amekufa, saa inaandika "Inatafuta…" au inasema moja kwa moja kwamba haijaunganishwa, na simu inabaki chini ya mto.

Sasa fikiri ni lini mtu anatafuta simu. Si dakika mbili baada ya kuiweka. Ni asubuhi, baada ya saa saba za kioo kuzimwa. Ni baada ya kupika, kufua, kulala. Yaani ni baada ya muda uleule ambao simu nyingi hutumia kufagia programu zisizoguswa ili kuokoa chaji. Kwa hiyo ukiijaribu dukani inalia vizuri, ukiijaribu jikoni inalia vizuri, na siku unayoihitaji ndiyo siku ambayo imekuwa peke yake muda wa kutosha kufungwa.

Hata ikiwa hai, umbali una kikomo. Ndani ya nyumba ya matofali hesabu mita kumi hivi, pungufu kukiwa na kuta mbili. Simu iliyobaki kwenye daladala haitafutwi na saa, inatafutwa kwa huduma ya Google ya kutafuta kifaa, kupitia intaneti.

## Kufagia kuko kwa aina tatu

Tunasema "nimefunga programu" kwa mambo matatu tofauti.

La kwanza ni kurudi nyumbani, kubonyeza kitufe cha katikati. Programu inahamia nyuma. Kama imeandikwa vizuri, inabaki hai kwa kuweka arifa isiyoondoka, ile inayosema "Connected" ukishusha pazia la juu. Arifa hiyo watu huichukia, wengine huizuia. Lakini ndiyo tangazo la programu kwa mfumo kwamba ina kazi inayoendelea, na ndiyo njia yako rahisi ya kujua kama mkalimani yuko kazini. Tangu Android 13 inawezekana kuifagia arifa hiyo bila kuiua programu, kwa hiyo kutoonekana kwake siku hizi si ushahidi kamili. Angalia pia chini ya pazia, kwenye orodha ya "Active apps". Kitufe cha "Stop" kilicho pale, kinyume na arifa, huiua kweli.

La pili ni kufungua orodha ya programu za karibuni na kuitelezesha juu. Kwenye Android ya asili huduma yenye arifa kwa kawaida inaendelea. Kwenye simu nyingi tunazonunua huku kwetu, mtengenezaji ameongeza fagio lake, na kutelezesha huko kunaua kila kitu. Kitufe cha "futa zote" ndicho kikali zaidi, na watu wengi hukibonyeza mara kadhaa kwa siku wakiamini wanaokoa chaji.

La tatu ni "Force stop" ndani ya mipangilio. Hili ni kaburi. Android inaiweka programu katika hali ya kusimamishwa, na haitaamka hata ukizima simu na kuiwasha, mpaka wewe mwenyewe uifungue.

## Jaribio la nusu saa, na usiku mmoja

Huna haja ya kubahatisha. Chukua saa ya kupiga simu yenye majina mawili na simu ya Android 13, ndio mchanganyiko wa kawaida, uende hivi.

Fungua programu ya saa, cheza wimbo kwa kicheza chochote, jaribu kazi zote tatu. Zote zifanye kazi. Kama hata hapa kuna isiyofanya kazi, mara nyingi tatizo ni ruhusa, hasa "Nearby devices" iliyoingia na Android 12. Bila hiyo programu hairuhusiwi hata kuigusa Bluetooth.

Rudi nyumbani bila kufagia. Muziki na kutafuta simu viendelee, kamera iache. Hiyo ni hali ya kawaida, usiirekebishe.

Sasa ifagie programu, subiri dakika moja. Ruka wimbo kwa saa. Ukiruka, na jina lisibadilike, nenda kwenye orodha ya Bluetooth ukate lile jina lenye mkia wa simu peke yake. Jaribu tena. Muziki ukinyamaza, umethibitisha kwa macho yako kwamba ulikuwa unapita mlango wa pili. Tafuta simu: kimya. Mkalimani amekufa.

Mwenye kompyuta na kebo anaweza kumuuliza Android moja kwa moja. Hapa ni kwa Gadgetbridge. Kwa programu nyingine badilisha jina.

```
adb shell pidof nodomain.freeyourgadget.gadgetbridge
adb shell "dumpsys activity services nodomain.freeyourgadget.gadgetbridge | grep isForeground"
```

Mstari wa kwanza usipotoa namba, programu haipo. Wa pili ukitoa `isForeground=true`, ipo na imejitangaza.

Baada ya hapo rekebisha. Kwenye ukurasa wa programu, upande wa betri, chagua "Unrestricted". Ruhusu arifa zake. Zima ile swichi ya kusimamisha programu zisizotumika, maana programu ya saa ni kitu ambacho mtu hakifungui kwa miezi. Kwenye Samsung iweke kwenye "Never sleeping apps". Kwenye Xiaomi washa "Autostart". Kwenye nyingine andika neno "auto" kwenye sehemu ya kutafutia ndani ya mipangilio, utaletwa karibu. Mwisho fungua orodha ya programu za karibuni, shikilia kadi ya programu ya saa, na kama kuna alama ya kufuli, ifunge. Kufuli hilo huizuia "futa zote" isiifagie.

Kosa moja la kuepuka: usiiunganishe saa upya kutoka kwenye orodha ya Bluetooth kwa kugusa jina lake lisilo na mkia. Saa nyingi zikishashikwa na mmoja huacha kujitangaza, na programu itaitafuta isiione. Kila mara anzia ndani ya programu.

Kisha fanya jaribio ambalo dukani hawalifanyi. Usiku iweke simu mezani, nje ya chaja, usiiguse. Asubuhi, kabla ya kuwasha kioo, bonyeza kutafuta simu. Ukiigusa kwanza umeharibu jaribio, kwa sababu kuigusa tu kunaweza kuiamsha programu iliyokuwa imelala. Ikilia, mipangilio imeshika. Isipolia, kuna fagio ulilolikosa. Rudia jaribio hili baada ya kila sasisho kubwa la mfumo, maana mengine hurudisha swichi za betri zilivyokuwa.

## Kwa wenye iPhone

Huku mambo yamepangwa tofauti. Tangu iOS 8, ya 2014, mfumo wenyewe unatoa huduma ya kuongozea muziki kwa kifaa cha nguvu ndogo kilichounganishwa, na saa inayojua kuitumia hupata hata jina la wimbo bila programu kuwa hai. Kutafuta simu kwa saa ya kampuni nyingine bado kunamtegemea mkalimani, na ukimtelezesha juu kumfunga, iOS kwa kawaida haimwamshi tena mpaka umfungue kwa mkono. Apple Watch haimo kwenye hesabu hii, kwa kuwa mkalimani wake ni mfumo wenyewe. Hakuna kadi ya kufagia.

Pale ukumbini, picha ilipatikana kwa njia ya zamani. Kamera ya simu ina kipima muda cha sekunde kumi, na mwenye simu alikimbia kurudi kwenye safu akiwa ameshika pindo la kanzu.